Mama Haonekani

Mama yangu ni kiziwi. Tangu utotoni nimekuwa nikimtafsiria sokoni, benki, hata kanisani. Lakini alipopata miadi na daktari wa wanawake kwa njia ya video, alinipa sharti moja nyumbani kwake Suna: nimfungulie kompyuta, kisha nitoke. Mkalimani wa ishara angekuwa upande wa pili. Mambo ya tumbo lake hakutaka yapitie kwangu.

Nilifungua linki iliyotumwa. Kidirisha kikatokea, nikakibonyeza haraka bila kukisoma, kama ninavyovifukuza vile vya matangazo. Daktari na mkalimani wakatokea kwenye skrini. Mama akakaa sawa, akaanza kueleza kwa mikono. Mkalimani alibaki akitazama tu.

"Mama, hatukuoni," daktari alisema, na mkalimani akamwonyesha Mama kwa ishara. "Hebu washa kamera."

Nilibonyeza alama ya kamera. Mstari mwekundu ulioikata alama hiyo haukuondoka. Nilijibu kwa sauti, nao hawakunisikia. Maikrofoni nayo ilikuwa imekatwa. Nikaandika kwenye gumzo: *Samahani, kamera imekataa.*

Nilitoka nikaingia tena. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Hali ile ile. Nikafungua programu ya kamera ya kompyuta yenyewe, na sura zetu mbili zikatokea wazi kabisa. Kwa hivyo kamera haikuharibika! Nilitamani kuirusha ile mashine nje.

"Niambie, nitawaandikia," nilimwonyesha Mama.

Alinipiga mkononi. "Hapana. Si wewe."

Nilirudi kwenye mkutano. "Tumebakiwa na dakika kumi," daktari alisema.

Mkalimani ndiye aliyeniokoa, kwa kuniandikia: *Labda ulikataa ruhusa mwanzoni. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, juu kushoto.* Nilibonyeza. Kamera: imezuiwa. Maikrofoni: imezuiwa. Kile kidirisha cha mwanzo kilikuwa kinaomba ruhusa, nami nikabonyeza Zuia. Brauza ilikumbuka jibu langu, ndiyo maana haikuniuliza tena hata nilipoanza upya. Nilibadilisha zote mbili kuwa Ruhusu, nikapakia ukurasa upya. Taa ndogo juu ya skrini ikawaka.

"Sasa tunakuona, Mama."

Nilitoka, nikafunga mlango. Huko uani nilikuwa nimejaa hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Muda si muda Mama akafungua mlango. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine. Mama alikuwa amefikia nusu tu ya maneno yake, na miadi mingine ni wiki ijayo.

"Na ile nusu nyingine?" nilimuuliza.

"Ngumu ndiyo imebaki," alijibu. "Nilianza na rahisi."

Akaenda kuanua nguo. Sikuthubutu kumsaidia.