Miezi Thelathini na Sita ya Bwana Kalenda

Muuza vifungo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe aliuona kipaji: alipenda kuulizwa tarehe. Mteja akija kununua zipu ya sketi, kabla hajatoa hela ataambiwa leo ni tarehe ngapi, kesho ni ngapi, na mwezi una siku ngapi zilizobaki. Mtaa mzima ukamwita Kalenda. Yeye akaona amepewa cheo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba kama kabati, kimejaa visanduku hadi darini: vifungo vya mashati, vifungo vya makoti, uzi wa kila rangi, sindano, lastiki, zipu zikining'inia kama mikia ya mijusi. Nyuma ya kaunta palikuwa na kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe mbili katika kila kichumba. Namba kubwa nyeusi ilikuwa ya miezi ya kawaida, ile ya ofisini na shuleni. Namba ndogo nyekundu, pembeni chini, ilikuwa ya mwezi wa juu, unaoandama na kufa.

Marehemu baba yake, aliyekuwa mshona makoti, alimfundisha kuhesabu kwa mwezi wa juu. "Mwezi ni mwezi," mzee alikuwa akisema. "Utauona kwa macho yako. Hiyo mingine ni ya kuandikiwa." Basi Kalenda akakua na hesabu mbili kichwani, kama mtu mwenye wake wawili ambao hajawahi kuwakutanisha. Vitu vya jumla aliagiza kwa namba nyeusi, maana wauzaji hawakujua nyingine. Mambo ya moyoni, na ahadi zake mwenyewe, aliyapeleka kwa nyekundu.

Siku aliyopanga chumba kile, mwenye nyumba alimwandikia karatasi fupi: mkataba wa miaka mitatu, kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa sita, kodi ilipwe tarehe mosi ya kila mwezi. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mama wa miaka sabini, mwenye mikono iliyopokea nusu ya wakazi wa mtaa ule. Kalenda alitazama ukutani akaona ajabu: siku hiyo namba nyeusi ilikuwa moja, na nyekundu nayo ilikuwa moja. Akachukua kalamu, akaizungushia duara ile nyekundu.

"Heri hiyo," akamwambia mkewe. "Tarehe zimekubaliana."

"Na zikija kuachana?" mkewe aliuliza, uzi mdomoni.

"Tarehe haziachani, mke wangu. Watu ndio huachana."

Ziliachana mwezi huohuo. Mwezi wa juu hauna siku thelathini na moja hata siku moja. Una ishirini na tisa au thelathini, basi. Mwezi ule ulikatika siku ya ishirini na tisa, kwa hiyo mosi nyekundu ya pili ikaangukia tarehe thelathini nyeusi, mwezi wa sita ukiwa haujaisha. Kalenda akavaa shati safi, akapeleka kodi.

"Mbona mapema?" mkunga akauliza.

"Mama, mimi na deni hatulali chumba kimoja."

Mkunga akacheka, akamwandikia stakabadhi: *Kodi ya mwezi wa saba*. Hakuandika siku aliyopokea. Aliandika mwezi uliolipiwa tu. Kalenda naye hakuisoma. Aliichoma kwenye msumari wa stakabadhi, ule uliosimama juu ya kibao cha kaunta.

Ndivyo ilivyokwenda. Kila mosi nyekundu ilirudi nyuma siku moja, wakati mwingine mbili, wakati mwingine ikasimama palepale. Mwaka ulipotimia alikuwa anatangulia siku kumi na moja. Mwaka wa pili, ishirini na moja. Mkunga alikuwa akimsifu kwa wapangaji wengine: "Tazameni yule wa vifungo! Ninyi mpaka niwafuate, yeye ananifuata mimi." Kila mara alimwandikia mwezi unaofuata kwa zamu, bila kuruka. Alidhani mtu anatanguliza kodi ili hela zisimponyoke mkononi. Wako watu wa namna hiyo.

Mwaka wa tatu ulipokaribia mwisho, kinyozi wa jirani alimnong'oneza kwamba mkataba ukiisha, mkunga atapandisha kodi. Nani alimwambia kinyozi? Hakuna aliyeuliza. Kinyozi akisema jambo, wembe u shingoni mwako, huwa huna budi kuamini. Kalenda akaumia moyoni. Kulipa mapema miaka mitatu, halafu upandishiwe! Akamwendea mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na chumba cha kupangisha kando ya tanuri, chumba kilekile alichokuwamo kinyozi, ambaye naye alikuwa anahama.

"Utaingia lini?" mwoka mikate aliuliza.

"Siku mkataba wangu wa miaka mitatu utakapoisha. Nilianza tarehe mosi ya mwezi wa sita."

"Sawa." Mwoka mikate akaandika, akapokea malipo ya mwezi wa kwanza, akarudi kwenye unga wake.

Mwisho wa mwezi wa tatu Kalenda alilipa kodi ya thelathini na sita. Aliihesabu vidoleni akirudi nyumbani: thelathini na sita, miaka mitatu kamili, deni halipo. Na mosi nyekundu iliyofuata ilipofika, ambayo kwenye namba nyeusi ilikuwa tarehe thelathini ya mwezi wa nne, aliamka alfajiri. Akaufunga ufunguo ndani ya bahasha pamoja na barua aliyoiandika kwa muda wa wiki nzima. Barua ilisema miaka mitatu imetimia, na ilimalizia kwa maneno aliyoyapenda mno: *Mimi si ng'ombe wa kukamuliwa asubuhi na jioni*. Akaisukuma chini ya mlango wa mkunga. Kisha akakodi mkokoteni.

Mkokoteni ulipofika mbele ya chumba cha tanuri, kinyozi alikuwa ndani, amemshika mteja kidevu.

"Bado hujatoka?" Kalenda akauliza.

"Nitoke niende wapi? Mimi niko hapa mpaka mwisho wa mwezi wa tano."

Mwoka mikate alitoka na karatasi, unga hadi kwenye nyusi. "Bwana Kalenda, wewe uliniambia miaka mitatu kutoka mosi ya mwezi wa sita. Miaka mitatu inaisha tarehe thelathini na moja ya mwezi wa tano. Utaingia mosi ya mwezi wa sita. Leo hata mwezi wa nne haujaisha."

"Imeisha leo!"

"Kwa kalenda ipi?"

Swali hilo lilimkera, kwa kuwa aliulizwa na mtu ambaye daima alimuuliza yeye tarehe. Akamwacha mvuta mkokoteni alinde mali, akavuka barabara kwa hasira kwenda kwa mkunga, amlazimishe aandike kwamba mkataba umekwisha.

Mkunga alikuwa amekaa kibarazani, miwani puani, barua mkononi.

"Karibu, ng'ombe," akasema.

"Mama, usinitanie. Niandikie kwamba miaka mitatu imetimia. Wananikatalia kule."

"Haijatimia. Bado mwezi mmoja na siku."

"Kumbe kweli unataka kunila mwezi mzima!" Sauti yake ilipanda, na dirisha la jirani likafunguka. "Nimelipa kodi thelathini na sita! Kumi na mbili mara tatu ni ngapi?"

"Thelathini na sita. Nani amekataa?" Mkunga akavua miwani. "Ulikuwa unalipa ukitazama nini?"

"Kalenda."

"Namba ipi?"

"Nyekundu," Kalenda akajibu.

Mkunga alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini na minane. Nimewaona akina mama wakija na mabegi yao wanasema miezi tisa imetimia, na mtoto hana hata habari. Ukiwauliza walihesabu vipi, wanaonyesha juu. Miezi tisa ya mwezi wa juu ni siku mia mbili sitini na sita. Mtoto anataka mia mbili themanini. Nawarudisha nyumbani wakanywe chai, wiki mbili."

Akakunja ngumi, akaanza kupita juu ya vifundo vya vidole. "Kifundo, thelathini na moja. Bondeni, thelathini. Kifundo tena, thelathini na moja. Isipokuwa ule wa pili wenye ishirini na nane. Mwaka, mia tatu sitini na tano. Wako wewe hauna vifundo: ishirini na tisa, thelathini, ishirini na tisa, thelathini. Mia tatu hamsini na nne. Pengo siku kumi na moja kila mwaka. Zidisha kwa tatu."

Kalenda alizidisha. Alikuwa mtu wa vifungo; kuhesabu dazeni hakumshindi. Thelathini na tatu, pungufu ya siku moja kwa kuwa mwaka mmojawapo mwezi wa juu uliongeza siku. Thelathini na mbili.

"Basi nadaiwa mwezi wa tano," akasema kwa sauti ndogo. Akaona mkokoteni, akaona hela alizompa mwoka mikate, akaona uso wa mkewe.

"Kalete stakabadhi zako."

Msumari ulikuwa kwenye mkokoteni, juu ya visanduku vyote; akaufuata, akauleta. Mkunga aliichomoa karatasi ya juu kabisa, akamsomea kama anayemsomea mtoto: "*Kodi ya mwezi wa tano*. Hii uliniletea mwisho wa mwezi wa tatu. Umeshalipa, mwanangu. Chumba ni chako mpaka tarehe thelathini na moja. Ungesoma nilichokuwa nakuandikia, usingepoteza nauli ya mkokoteni." Akachukua ufunguo kutoka kwenye bahasha, akampa. Barua alibaki nayo.

Kalenda aliupokea kwa mikono miwili. "Mama, na ile habari ya kupandisha kodi?"

"Kodi gani? Niipandishe kwa mpangaji anayelipa miezi thelathini na sita ndani ya thelathini na nne? Ungekaa mpaka miaka thelathini na miwili, ungenilipa mwaka mzima wa nyongeza. Mpangaji kama wewe hapandishiwi, anaombewa dua."

Mvuta mkokoteni alidai nauli ya kurudi, na ilikuwa zaidi ya ile ya kwenda, maana alisema kurudisha mzigo ni mkosi. Mkewe alikuja kusaidia kupanga visanduku. Walipofika rafu ya mwisho, akauliza.

"Baba watoto, kwa hiyo mwezi wa tano tunakaa bure?"

"Bure kabisa," akajibu, uso ukianza kurudiwa na rangi yake. "Unaona faida ya mwezi wa juu?"

"Bure, na ulishalipa."

Mkunga alimwambia waziwazi kwamba akitaka abaki, mkataba mpya kwa kodi ileile. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini mtaa mzima ulikuwa umesikia kuhusu ng'ombe, na watoto walishaanza kulia "moo" wakipita dukani. Tena chumba cha mwoka mikate kilikuwa kimelipiwa. Tarehe mosi ya mwezi wa sita, namba nyeusi, Kalenda alihamia ng'ambo, penye kodi kubwa zaidi na ukuta wa moto ambao ulilegeza lastiki zake kabla hazijauzwa.

Kodi sasa hupelekwa na mkewe. Na mteja akimuuliza Kalenda tarehe, humjibu kwanza kwa swali: "Unaitaka ya kulipia, au ya kujua tu?"