Gumba Ambalo Halikugongwa

Mume wangu ni fundi viatu, na ukitaka kiatu chako kiishe mapema, usimsemeshe. Mwulize tu habari za nyumbani, nyundo inatua chini na mdomo unaanza kazi. Mtaani wanamwita Bwana Visa. Wapo wanaomletea viatu vizima kabisa, ili mradi wapate pa kukaa na kucheka.

Kisa kilichovuma kuliko vyote kilikuwa cha dole gumba lake la kushoto. Kwenye kucha palikuwa na mstari mweusi, kutoka shinani hadi nchani. Mwalimu alipouliza, aliambiwa ni nyundo. Muuza mkaa akaambiwa ni mlango wa basi. Mama mmoja aliyeleta viatu vya harusi akaambiwa kuwa bondia fulani alikuja kudai buti lake kwa ngumi, na fundi akaikinga ile ngumi kwa gumba. Kwa gumba! Na yule mama akampa pole.

Mimi nilicheka na wenzangu, lakini moyo haukutulia. Mlango wa kabati uliwahi kunibana kidole, kucha ikawa nyeusi tii. Ile ilikuwa damu iliyovilia. Kucha ilivyokua, nyuma yake ikatoka kucha safi, doa likasogea mbele taratibu mpaka nikalikata na kulitupa. La mume wangu halikwenda popote. Tena lilikuwa linanenepa, na weusi ulikuwa umeshatoka kwenye kucha ukapanda ngozi ya shinani.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Mama watoto, nimejigonga tu."

"Lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

Akaanza kukohoa.

Mama mkwe, ambaye hajawahi kupitwa na mazungumzo, akanyoosha vidole vyake. "Mbona hata mimi ninayo mistari? Hii ni ya ukoo." Kweli anayo, myembamba, ya kahawia, karibu kila kidole, tangu ujana wake. Nikamwambia, "Basi mama, twende wote, daktari aone vidole vya ukoo mzima." Akaenda kuvaa. Na mama mtu akishavaa, mtoto atabaki nyumbani kwa kisingizio gani?

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mtaratibu. Akamwuliza fundi, "Uliumia lini, na kwa kitu gani?"

Ewaa! Fundi akavuta kiti. Akaanza na nyundo, akapitia mlango wa basi, na bondia alipoanza kuvua koti nikaona yamenifika hapa.

"Daktari, huyu hajajigonga! Huyu akichomwa na sindano tu mtaa mzima unajua kabla damu haijakauka."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, hapa nataka ukweli. Damu ya kujigonga ina siku iliyoanza, na inasogea kucha inapokua. Mistari ya mama ni ya kawaida kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Ni mingi, myembamba, na miaka yote iko vilevile. Wako ni mmoja, uko kwenye gumba, unapanuka, na rangi imeingia kwenye ngozi. Inawezekana si kitu. Lakini kuna saratani ya ngozi inayoanza hivihivi, na siwezi kukwambia uende nyumbani kabla sijahakikisha kwamba siyo."

Akaukagua kwa lenzi yenye taa. Damu hakuona, aliona vistari vyeusi na vya kahawia visivyolingana unene. Kwa hiyo akampiga sindano ya ganzi, akaifungua kucha, akachukua kipande kidogo kutoka shinani kipelekwe maabara. Bwana Visa alitazama dari. Siku zote za kusubiri majibu, wateja walishonewa viatu vyao na kuondoka bila hadithi.

Tuliporudi, daktari hakuzunguka. "Ni saratani. Lakini bado iko juujuu, haijazama. Tutaondoa kucha yote na nyama iliyo chini yake, tubandike ngozi. Gumba litabaki. Mngechelewa, tungekuwa tunazungumzia kukata kidole, au uhai wenyewe."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Mume wangu akautazama mkono wake.

"Nilijua sikujigonga," akasema. "Kila aliponiuliza mtu nilitunga kipya, labda kimoja kitanikaa na mimi niamini. Niliogopa, mke wangu."

Jamani! Nilitaka kumzaba kofi palepale, mama yake akiona. Nikaushika ule mkono, nikaangua kilio mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza nani amefariki.

"Hajafa mtu," mama mkwe akamjibu, naye kamasi zinamtoka. "Huyu atapona. Ndiyo maana tunalia."