Wiki Tatu Bila Kumwambia Dada

Ripoti ilinifikia asubuhi nikiwa nyumbani Manga, mvua ikipiga mabati. Mtafiti mmoja wa ng'ambo aligundua kwamba programu huria tunayoitunza watu watatu, ya kufungua mafaili yaliyobanwa, inadanganyika. Faili lenye jina la hila lingeweza kujiandika nje ya folda yake na kufuta mafaili mengine. Alituandikia kwa siri, tukakubaliana naye siku ya kutangaza: siku ileile toleo lililorekebishwa litakapotoka.

Niliandika marekebisho kwenye nakala ya faragha ya msimbo wa programu, ambayo sisi watatu na mtafiti tu tungeiona. Huko majaribio hayakujiendesha yenyewe kama kwenye msimbo wa wazi, hivyo nikayaendesha kwenye kompyuta yangu, toleo baada ya toleo, stima ikipotea na kurudi. Siku ya nne mwenzangu aliyekuwa akikagua akaniambia nimeziba njia moja tu. Faili la mkato, linaloelekeza kwenye folda nyingine, bado linapita. Alikuwa sahihi. Nikaanza tena, na siku ya kutangaza ikasogezwa wiki moja.

Lakini msimbo haukunichosha kama dada yangu. Ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Nyamarambe, na nilijua mfumo wao wa rekodi za wagonjwa unatumia programu yetu. Jumapili alikuja kumwona mama, na tukimenya ndizi za chakula cha mchana akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamjibu ni kazi tu. Akasema afadhali mfumo wao, haujawahi kuwasumbua.

Niliendelea kumenya ndizi. Ningemwambia, angemwambia fundi wao wa kompyuta, na fundi angeuliza kwa wenzake. Habari ingewafikia wadukuzi kabla zahanati haijawa na toleo jipya la kuweka. Hayo yote niliyajua, lakini chakula cha siku hiyo kilinishinda.

Siku ilipofika tukaingiza marekebisho kwenye msimbo wa wazi, tukatoa toleo jipya na matoleo ya zamani yaliyorekebishwa, kisha tukachapisha tangazo. Papo hapo nikampigia dada. Nikamwomba amwambie fundi asasishe mfumo leo, si kesho, na nikamtumia tangazo lenyewe.

Alilisoma, akanipigia baadaye.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Hata siku ile tukimenya ndizi?"

"Hata siku ile."

Nikamweleza kwa nini, kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, maana kwa Kiswahili maneno yalinitoka kama ya ofisini. Hakusema ameelewa, wala hakunigombeza. Alisema fundi yuko njiani, na kwamba wagonjwa wanamsubiri.

Jioni akanitumia ujumbe: fundi amemaliza, amekagua, hakuna faili lililoguswa. Nikausoma mara mbili. Nikafunga kompyuta na kulala na viatu.