Dadu Isiyoleta Mgeni

Mwanangu, wazee wengi wakikushauri watakusimulia upumbavu wa ujana wao. Mimi wangu niliufanya nikiwa na mvi, nimeshastaafu ualimu, kwa hivyo sina pa kujificha. Nakumbuka ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa, nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Nyambura, mjini Naivasha.

Nianzie nyuma kidogo. Hapa mtaani kwangu, Free Area, nilikuwa nikibuni mchezo wa mezani wa mtu mmoja. Mchezaji hana mpinzani. Ana daftari, kalamu na dadu mbili. Yeye ndiye mtunza taa, peke yake kwenye mnara wa kuongoza meli, kisiwani. (Bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, na nilitapika.) Kila raundi ni siku moja. Dadu nyekundu inachagua jedwali: moja na mbili ni bahari, tatu na nne ni taa, tano na sita ni sauti za redio kutoka bara. Dadu nyeupe inachagua kidokezo kimoja kati ya sita vya jedwali hilo. Mchezaji anakisoma, anaandika ukurasa wa siku hiyo kana kwamba ni yeye aliye mnarani, kisha anakipiga mstari. Mafuta ni punje kumi na mbili za maharagwe, na kila siku inakula moja. Dadu zikimrudisha kwenye kidokezo kilichopigwa mstari, haandiki kitu na anapoteza punje ya pili. Maharagwe yakiisha, taa inazimika, naye anaandika ukurasa wa mwisho.

Jedwali la sauti lilinishinda. Vidokezo vyangu vilikuwa vikavu, havimfanyi mtu atake kuandika.

Wakati huohuo Ziwa Naivasha lilikuwa linafurika hadi mtaa wa Kihoto, alikokuwa akiishi Nyambura. Ni mshonaji, mjane, na majirani walikuwa wameanza kuhama. Akanipigia simu.

"Mwalimu, maji imefika kwa gate. Utakuja lini tutoe cherehani?"

Nikamwambia Jumamosi. Nilipokata simu nilichukua kalamu nikaandika: *Unawauliza watu wa bara watakuja lini. Wanakujibu nini?* Nilifurahi, mwanangu. Naona haya kukuambia, lakini nilifurahi sana.

Jumamosi nilibaki nyumbani kupanga majedwali. Akapiga tena, akanieleza kwamba chura ameingia jikoni na kwamba yeye sasa amezoea kuongea naye. Hilo nalo nikaliandika. Nikaahidi Jumamosi nyingine, nayo ikapita. Mwishowe ni majirani waliombeba yeye na godoro lake. Cherehani, ile ya chuma iliyomlisha miaka yote, iliwashinda uzito ikabaki majini.

Sasa Jumapili ile nikampelekea mchezo katika chumba chake cha kupanga, nikidhani nampelekea zawadi. Akacheza vizuri tu. Tano nyekundu, mbili nyeupe: chura. Akacheka.

"Huyu namjua!"

Akarusha tena. Sita nyekundu, nne nyeupe. Akasoma kile kidokezo cha watakuja lini, na kicheko kikakatika. Aliandika polepole, akanigeuzia daftari. Alikuwa ameandika maneno mawili: *Walisema Jumamosi.*

Nilitamani ardhi inimeze. Hakunifokea. Alichukua karatasi ya majedwali, akapitisha kidole kwenye vidokezo vyote kumi na vinane.

"Mtu anafika na number gani?"

"Hakuna anayefika, Dada. Ni mchezo wa upweke."

"Dadu mbili, na hukuweka hata number moja ya mtu kufika?"

Nikaanza kuokota dadu mezani.

"Mimi nilikuwa nakuita, Mwalimu. Wewe ulikuwa unaandika."

Niliomba msamaha nikilia, mzee mzima. Nikachukua kalamu palepale, nikafuta namba sita ya jedwali la sauti, nikaandika: *Mashua imefika. Ongeza punje tatu.* Akaitazama, akanirudishia karatasi.

"Hiyo ya karatasi ni rahisi," alisema, akaenda kuosha vikombe.

Siku hizi mimi huenda kwake kila Jumamosi. Hunikaribisha, hunipa chai. Lakini hajawahi tena kuniuliza nitakuja lini, na sidhani atauliza.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayependa kuandika na kubuni. Si dhambi kuchota kutoka maisha ya watu. Ila mtu wako anapokueleza shida yake, weka kalamu chini kwanza, uvae viatu, uende. Kidokezo kitakungoja, yeye huenda asiweze. Mungu akubariki kwa masikio mepesi, na miguu miepesi zaidi ya hayo masikio.