Samaki wa Shemeji

Shemeji yangu alipofariki, aliacha tangi la kioo na samaki mmoja wa dhahabu. Samaki na tangi nilimpa mimi, pamoja na pampu ya hewa. Dada yangu mkubwa, mjane wake, alikaa eda nyumbani kwao Makunduchi, na tangi likahamishiwa chumbani mwake.

Mimi nilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu, mguu ndani ya plasta. Kushuka ngazi zetu kwa miguu miwili ni kazi. Kwa mmoja sikujaribu. Binti yake dada alifanya kazi katika studio ya picha mjini na kila mwisho wa wiki alikwenda kwao. Jumatatu moja alinipandia na bahasha ya picha mbili.

"Shikamoo mjomba. Mama anasema mtazame samaki wa baba. Hali chakula vizuri. Mama naye hali vizuri, lakini hilo hakuniambia niseme."

"Marahaba. Hebu lete."

Niliziweka picha mezani nikachukua kioo cha kukuzia. Mapezi yalikuwa yamebanwa mwilini. La mgongoni limelala. Rangi, ambayo shemeji akiisifu kama bizari, ilikuwa imefifia. Shavuni palikuwa na nukta nyeupe.

Nilikwisha kuandika kipimo cha dawa ya ugonjwa wa nukta nyeupe. Kisha nikaona kwamba picha zote mbili zilipigwa kwa taa ya kamera, na taa hutia nukta zake katika kioo. Nikaiweka karatasi kando.

"Piga tena," nikamwambia. "Taa uizime. Simama sawa na kioo, usikae upande. Nipigie tano. Na moja uionyeshe meza yote na kilicho karibu yake."

"Meza nayo inaumwa?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuiona."

Wiki ile nilimfikiria samaki kuliko ilivyostahili. Dada hakuwa akilia mbele za watu. Aliongea na samaki. Binti alinihadithia kwamba kila asubuhi humpa salamu alizokuwa akimpa mumewe. Nilihofu akifa yule, dada atabaki na kiti kitupu cha mumewe tu.

Picha tano zilipofika nilizipanga moja chini ya nyengine. Nukta hazikuhama, kwa hiyo zilikuwa za samaki, si za taa. Lakini zilikaa mahala pawili tu: kwenye kifuniko cha matamvua, pale shavuni, na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, zimejipanga safu. Ugonjwa hautii nukta kwa mpangilio. Hutapakaa mwilini na mkiani kama chumvi iliyomwagika. Nukta zile ni alama ya dume aliyekomaa.

Mapezi, hata hivyo, yalikuwa bado yamebanwa. Nikaichukua picha ya meza. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Kando ya pampu, juu ya kigoda, palikuwa na chetezo, na moshi wake ulionekana wazi.

"Ubani huu mnafukiza lini?"

"Kila siku baada ya Alasiri, wanawake wakija kumsomea baba."

Pampu huvuta hewa iliyo karibu nayo na kuisukuma majini. Kila Alasiri walimsomea marehemu kwa mapenzi, na samaki wake akavutishwa moshi. Pampu niliitoa mimi, na tahadhari hiyo sikuwapa.

Nilimpigia dada simu. Nikamweleza: chetezo kipelekwe ukumbini, pampu iwekwe mbali, theluthi ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyolala ndooni.

"Na hizo nukta?"

"Hizo si maradhi. Ni dume."



"Dume? Miezi miwili nnakaa eda na mwanamume chumbani, na wewe ndiye uliyemleta?"

Alicheka. Tangu maziko sikuwa nimemsikia akicheka.

"Na dirisha ulifungue," nikasema. "Pazia libaki, mwanga utapenya. Samaki wa dhahabu akikaa gizani rangi humtoka."

"Hilo kwa ajili yake?"

"Kwa ajili yake."

Picha za mwisho zililetwa wiki mbili baadaye. Nilianza na mapezi: la mgongoni limesimama, ya kifuani yamefunguka. Nukta zipo palepale. Rangi bado, rangi hurudi polepole, na mara nyengine hairudi yote. Nikaandika hayo nyuma ya picha, zirudi kwa dada.

Ndipo nilipoona kwamba katika kioo cha tangi mlikuwa na sura. Mwanga wa dirisha ulimwangukia dada, ameinama na nguo zake nyeupe, anamtazama samaki kwa karibu. Amekonda, mashavu yamepauka. Lakini mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyekatizwa katikati ya mazungumzo.

Picha ile sikuirudisha.