Walimuuliza Mwanangu Kwa Nini

Mwanangu alichapwa kwa sababu alijibu swali darasani. Naanza na hilo ili msomaji asisubiri nifike mahali niseme walimu nao ni binadamu, wana kazi ngumu. Najua wana kazi ngumu. Na mimi nauza nyanya na vitunguu hapa kwetu Maji ya Chai, pembeni mwa lami, vumbi la mabasi yote ni langu, na sijawahi kumchapa mteja kwa kuniambia anachofikiri.

Aliyeleta lile swali alikuwa mpangaji mwenzangu. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, amepangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi anayosoma binti yangu, akachukua chumba kinachotazamana na changu. Nimemzidi umri kidogo, kwa hiyo aliniita dada. Jioni tukifua alinisimulia aliyosoma chuoni, na mimi niliyeishia kidato cha nne nilisikiliza kwa hamu ambayo leo inanikera.

"Dada, ngoja nikuonyeshe kitu," alisema siku moja, akawaita wanangu wote wawili. Akawaambia kuna mtoto alikuwa anamsaidia mama yake kubeba sinia, akajikwaa, vikombe vyote vikavunjika. Mwingine alipanda stuli aibe sukari, akavunja kikombe kimoja tu. Nani kakosa zaidi?

"Wa vikombe vingi," akasema mdogo, ambaye hajaanza hata darasa la kwanza.

"Kwa nini?"

"Vimeisha vyote. Mama yake atamchapa sana."

Binti yangu, wa darasa la nne, akamsukuma. "We, yule hakukusudia. Huyu wa sukari ndiye mwizi."

Yule mwalimu akapiga makofi yenye povu. Akanieleza kwamba mtaalamu mmoja wa zamani alikaa na watoto wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi, akawapa na visa kama hicho. Akaona mtoto mdogo hupima kosa kwa ukubwa wa hasara, na sheria kwake ni kitu kilichoshuka kwa wakubwa, hakiguswi. Akikua, akicheza na wenzake na kugombana nao, huanza kuangalia nia, na huona kwamba sheria ni makubaliano, wenyewe wanaweza kukaa wakaibadilisha.

Mwingine akaja baadaye akajenga ngazi. Nilizishika vizuri kuliko chochote nilichofundishwa sekondari. Ya kwanza, mtu anajiuliza, nitapigwa? Ya pili, mimi nitapata nini, nikikupa utanipa? Ya tatu, watu wangu wataniona mtu mzuri? Ya nne, sheria ni sheria, tukiivunja kila mmoja tutaishije? Juu ya hapo ndipo mtu anauliza kama sheria yenyewe ni ya haki, inamlinda nani, inamwonea nani. Wengi hawafiki huko, alisema, hata wazee wenye mvi.

"Sasa mwanangu yuko ya ngapi?" nikamuuliza, maana mzazi ni mzazi.

Akanikatalia. Alisema hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu. Ngazi haipimi jibu, inapima sababu. Watoto wawili wanaweza wote kusema "asiibe", mmoja akiogopa fimbo, mwingine akimwonea huruma mwenye mali. Jibu moja, vichwa tofauti kabisa. Na siyo namba ya kumbandika mtoto. Tena kuna mwanamke mtaalamu aliyeipinga hiyo ngazi, akasema ilijengwa kwa majibu ya wavulana, na kwamba wasichana wanaoanza kwa kuuliza nani ataumia, nani atamtunza nani, walikuwa wanashushwa bure, kumbe nao wana njia yao ya kufikiri.

"Na darasani unafanyaje?"

"Sihubiri. Natoa kisa chenye njia panda, kila mtu anasema angefanya nini na kwa nini. Mtoto hapandi kwa kuambiwa jibu. Anapanda akisikia kwa mwenzake sababu iliyozidi yake kidogo, ikamsumbua. Ila lazima wajue hakuna atakayeadhibiwa kwa alichosema. Hofu ikiingia, wote wanarudi ngazi ya kwanza."

Alisema hivyo mwenyewe, mikono iko kwenye beseni.

Shuleni kwao mzazi anapeleka mahindi na maharage, mtoto anakula makande mchana. Asiyepeleka, mtoto wake hali. Na kugawana sahani ni marufuku, kwa sababu ukiruhusu kugawana, nani atapeleka? Rafiki wa binti yangu, wanakaa dawati moja, analelewa na bibi yake. Mwaka huo shamba la bibi lilikauka mahindi yakiwa usawa wa magoti. Mimi nilijua kwamba binti yangu anabeba kopo tupu la siagi kwenye begi asubuhi. Sikumuuliza la nini. Nilifurahi, na bado nafurahi.

Yule mwalimu akaandaa kipindi cha maadili. Chuoni walimwambia visa vya mbali havina nguvu, achukue kilicho karibu na maisha ya watoto. Akachukua cha karibu mno: mtoto hajapewa chakula kwa sababu nyumbani hawakuleta mahindi, rafiki yake anamfichia makande kwenye kopo na kumpelekea nyuma ya madarasa, amefanya sawa? Yeye hakujua chochote kuhusu kopo la siagi. Watoto darasa zima walijua.

Jioni ile alikuja mlangoni kwangu anacheka. "Dada, mwanao leo!" Akanisimulia. Mtoto mmoja alisema asipeleke, akikamatwa atakiona cha moto. Mwingine akasema apeleke, kwa sababu kesho na yeye akikosa atapewa. Wa tatu, asipeleke, kila mtu akigawa kwa kificho sufuria halitatosha na sheria itakuwa haina kazi. Binti yangu akasimama. Akasema apeleke. Yule mwenye njaa hakuyazuia mahindi yasikomae, na sheria inayomnyima mtoto chakula kwa kosa la mvua wangekaa wakaibadilisha. Halafu akaongeza kwamba ukila mwenzako anakutazama chakula hakishuki.

"Haki na huruma pamoja, dada. Mtoto wa miaka kumi."

Alichosahau kunieleza ni kwamba mwalimu wa nidhamu, ambaye ndiye msimamizi wa mazoezi yake, alikaa dawati la nyuma kipindi kizima, anaandika.

Kesho yake yule mwalimu wa nidhamu akamwita mwanangu. "Yale ya kopo uliyoyatetea jana, unayafanya wewe?" Mwanangu akajibu, "Ni mimi, mwalimu." Walikuwa wameambiwa hakuna jibu la kosa. Akaulizwa kopo liko wapi, akalitoa. Wakachapwa wote wawili mstarini, shule nzima inatazama, aliyegawa na aliyegawiwa.

Nilikwenda. Niliacha nyanya na jirani yangu wa meza ya pili, nikaenda na aproni. Mwalimu wa nidhamu ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo na meno yameumana.

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Mwanangu kakosa nini?"

"Amegawa chakula cha shule kwa asiyehusika. Sheria anaijua."

"Umeijulia wapi habari hiyo?"

"Amesema mwenyewe, mama. Mwanao hana uongo, nampenda kwa hilo. Ndiyo maana nilimpunguzia. Wanaonidanganya wanapata zaidi."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi. Nikamwambia somo liliwaahidi watoto waseme wanachofikiri.

"Kufikiri hakuna aliyemkataza. Ila nikimwachia wako, kesho jiko linafungwa. Waliopeleka mahindi watanijia mimi, wewe hutakuwepo. Mia tano hawa nawalisha kwa sheria, mama, siwalishi kwa kuoneana huruma."

"Na yule mwenzake asile?"

"Bibi yake alete mahindi."

Huyu hakuwa mtu katili, na hilo ndilo linalonichosha. Ni ngazi ya nne, amejenga nyumba hapo, ameweka na uzio.

Mpangaji mwenzangu alikuwa mle ofisini, meza ya pembeni, anasahihisha madaftari. Nikamgeukia. "Mwalimu, mweleze ulichonieleza mimi. Kwamba ukiwachapa kwa walichosema hakuna somo tena."

Kalamu ikasimama. Mwalimu wa nidhamu akamtazama, hata hakukunja uso. Ndiye anayejaza alama zake.

"Mama," akasema, na hajawahi kuniita mama, "taratibu za shule zinapaswa kufuatwa."

Nikaondoka. Kama ningebaki ningemrushia kitu.

Jioni alikuja tena mlangoni, safari hii hacheki. "Angenifelisha, dada. Nyumbani wananitegemea."

"Na hiyo ni ngazi ya ngapi?"

Akalia. "Ya kwanza."

Nikamwacha alie. Akaniambia, kamasi zinamtoka, kwamba hata vitabu vinakiri: mtu kuijua sababu ya juu siyo kwamba ataifuata, kati ya kufikiri na kutenda kuna shimo, na wataalamu wanalibishania hadi leo. Nikamwambia hilo shimo mwanangu alishalivuka na kopo la siagi mkononi, nyie ndio mkamsukumia ndani. Mazoezi yake yakaisha, akahama, nasikia alifaulu. Sikumuaga.

Yule rafiki hakurudi shule. Bibi yake aliona aibu ya mstarini, akampeleka kwa shangazi yake, kijiji cha Kikwe, na huko analea mtoto wa watu. Binti yangu alimuulizia mwanzoni. Baadaye akaacha.

Vipindi vya maadili viliendelea, safari hii anafundisha mwalimu wa nidhamu mwenyewe, kwa sababu mkuu wa shule aliipenda ile njia. Anatoa kisa, anauliza ungefanya nini na kwa nini, kama alivyoona. Mikono inanyooka darasa zima. Wote wanajua anachotaka. Muhula ulipoisha ripoti ikaja: upande wa tabia na mwenendo binti yangu amepata A, mwalimu kaandika anajieleza vizuri, ni mtiifu. Kabla ya hapo alikuwa anapata B, eti mbishi.

Juzi nilikuwa nachambua maharage, nikamtungia kisa. Nikamwambia mtoto mmoja amemwona mwenzake anachukua kalamu ya mwalimu, na huyo mwenzake nyumbani hawana uwezo wa kununua. Afanyeje?

"Akaripoti," akasema. "Kwa sababu uaminifu ni muhimu kwa taifa."

"Siyo ya mtihani. Nauliza wewe unaonaje."

Akainua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama usoni taratibu, mdomo wangu, mikono yangu, anasoma nimekasirika kiasi gani. Mdogo wake hutazama hivyohivyo akimwaga chai. Miaka kumi, ananipima mimi mama yake kama anavyompima yule mwalimu wa nidhamu.

"Kwani wewe unataka iwe ipi, mama?"

Nikamwambia sitaki ipi wala ipi, nataka yake. Akasema hana. Akauliza kama anaweza kuendelea na kazi ya shule, nikamruhusu.