Kikapu cha Mahindi katika Swali la Tatu

Mwalimu Badawi ana miaka ishirini na mitatu akifundisha sheria ya ardhi katika chuo chetu kidogo hapa Kilifi, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Ni mtu wa Malindi mjini, kanzu Ijumaa, suruali ya kunyooshwa siku nyingine. Wanafunzi humwogopa. Husema majibu yote ya kesi ni hatua tatu: taja kanuni, ipime kwa mambo yaliyotokea, kisha hitimisha. "Anayeruka hatua ya pili," huwaambia, "hajajibu, amebashiri."

Mwaka huu alitunga mtihani wa marudio. Watahiniwa kumi na mmoja, na anayeanguka tena huaga chuo. Swali la tatu lilimhusu mama aliyeingia shamba la mtu huko Tezo, akajenga, akalima miaka kumi na minne. Tangu mavuno ya kwanza alimpelekea mwenye shamba kikapu cha mahindi, naye alikipokea na kusema, "Haya, endelea kulima." Je, mama anaweza kudai shamba liwe lake?

Mimi, Dena, ndiye niliyelipitia swali kabla ya mtihani, na ndiye msahihishaji wa pili. Mwongozo wa Badawi wa kusahihishia ulisema mama anashinda. Nilitia sahihi. Kikapu nilikiona kama pambo tu, na mimi mtoto wa Kigiriama niliyekulia shambani! Naona haya hadi leo.

Karatasi kumi zilimpa mama shamba. Ya kumi na moja, isiyo na jina ila namba, ilimnyima. Badawi aliipa sita kati ya ishirini, na jumla ikawa thelathini na sita. Kupita ni arubaini.

Ilipofika kwangu nikaisoma mara mbili. Kanuni aliitaja sawa: anayedai awe amekaa miaka kumi na miwili mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Halafu aliandika: "Kikapu si zawadi. Ni kuomba tena. Mwenye shamba akisema endelea kulima, ametoa ruhusa, na anayekaa kwa ruhusa hata miaka arubaini hakai kinyume cha mwenyewe." Hitimisho alikuwa amelikata mara mbili, wino umepasua karatasi. La tatu lilisema: "Kwa hiyo dai lake halisimami."

Nikampelekea Badawi. "Mwalimu, hebu isome tena, uweke mwongozo kando."

"Mwongozo ni wangu, Dena."

"Ndiyo maana."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Subhanallah," akasema. "Miye ndiye niliyeruka hatua ya pili. Nimehesabu miaka, nikasahau ruhusa."

Tukaandika barua kwa mkuu wa idara, tukarekebisha mwongozo, tukasahihisha zote kumi na moja upya. Waliosahau kikapu walipoteza alama za kikapu tu. Hitimisho lao likifuata hoja zao, alama zake walipewa. Hakuna aliyeanguka kwa kosa letu. Ile ya kumi na moja ikapata kumi na tisa kati ya ishirini. Moja ilikatwa kwa kutotaja kifungu cha sheria. Jumla ikawa arubaini na tisa.

Matokeo yalipotoka, Badawi alimwita mwenye namba ile. Akaingia Sidi, msichana mkimya wa safu ya nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nilikukosea karatasi yako, uniwie radhi." Nilishtuka mimi kuliko Sidi. "Sasa niambie, wenzio wote hawakukiona kikapu. Weye ulikionaje?"

"Kama hicho nilikuwa nakibeba mimi, mwalimu. Kila mavuno, mpaka nyumbani kwa mwenye shamba. Mama ndiye aliyeniambia niseme, tunaomba tuendelee."

Badawi akashika ukingo wa meza.

"Kesi ya mama ya kudai shamba hilo itasikizwa mwezi ujao," Sidi akaendelea. "Majirani wanamwambia atashinda, miaka imetimia. Jana nimemweleza nilichoandika. Nimemwambia nimepata kumi na tisa kwa ishirini, nimepita."

"Naye akasemaje?"

Sidi akatazama mikono yake.

"Alifurahi. Alilia. Halafu akaniuliza, na hiyo moja niliyokosa, haiwezi kutuachia shamba?"

Badawi alinitazama. Sote wawili tulijua ile moja ilikuwa ya kifungu tu, si ya shamba.